Jinsi ya kuandaa jedwali la kukasimu madaraka katika halmashauri

Jedwali hili huonyesha nani anaruhusiwa kuidhinisha nini, na hadi kiasi gani. Hatua ya kwanza ni kuandika humo vyeo wala si majina ya watu, kwa kuwa watu huhama na jedwali hubaki. Baraza likishaamua mambo ambayo halitamwachia mtumishi yeyote, kama vile kupitisha bajeti na sheria ndogo, humkasimu mkurugenzi sehemu ya madaraka yake, naye huwakasimu wakuu wa idara ikiwa ameruhusiwa kufanya hivyo. Hakuna anayeweza kukasimu zaidi ya alichopewa, na aliyekasimu bado huwajibika.

Hatua ya pili ni kueleza maana ya thamani ya mkataba, na hapa ndipo majedwali mengi huvuja. Tuseme kikomo cha mkuu wa idara cha kusaini mikataba ni 25,000 na cha mkurugenzi ni 100,000. Mkataba wa usafi unagharimu 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, na mkuu wa idara anaona kwamba yumo ndani ya kikomo chake. Lakini mkataba ni wa miaka mitatu, na una kipengele cha kuuongeza kwa mwaka mmoja. Thamani yake ni 96,000, hivyo mwenye kusaini ni mkurugenzi. Baadaye, kabla kazi haijaanza, eneo la kusafishwa likipanuliwa kwa 200 kwa mwezi, jumla ya miezi 48 inafika 105,600. Nyongeza yenyewe ni 9,600 tu, ila kinachopimwa ni jumla mpya, kwa hiyo suala hilo linapelekwa barazani. Andika kanuni hiyo waziwazi, pamoja na katazo la kugawanya manunuzi ili kila agizo libaki chini ya kikomo. Ili kuunasa mgawanyo huo, mimi hupanga maagizo kwa jina la mzabuni na tarehe: maagizo matatu ya 24,500 kwa mzabuni mmoja ndani ya wiki moja hayahitaji maelezo mengi.

Hatua ya tatu ni malipo. Kusaini mkataba hakumpi mtu ruhusa ya kuidhinisha malipo yake. Aliyeagiza, aliyepokea na anayeidhinisha hati ya malipo wawe watu tofauti, na anayeidhinisha alinganishe ankara na salio la mkataba kwanza.

Likizo huonekana jambo dogo. Msimamizi wa karibu huidhinisha, hakuna anayejiidhinishia, na ya mkurugenzi huidhinishwa na mwenyekiti wa baraza. Ugumu uko kwa wenye saini: niliwahi kukuta hati zilizosainiwa na kaimu siku nne baada ya mwenye cheo kurejea, kwa sababu barua ya ukaimu haikuwa na tarehe ya mwisho, na kila moja ililazimika kupitiwa upya. Kwa hiyo likizo ya mwenye saini isiidhinishwe kabla ya barua ya ukaimu kutolewa, ikitaja cheo, kikomo na tarehe zote mbili, na nakala yake iwe imefika kwa mweka hazina.