Majina ya ramani ya kubuni: mizizi michache, lugha mbili na mpaka unaosikika

Fungua ramani ya Uganda usome majina tu. Kusini utakutana na Buganda, Busoga, Masaka, Mubende. Yote yanaishia kwa irabu. Vuka Nile kuelekea kaskazini, masikio yanabadilika: Kitgum, Apac, Pader, Pakwach. Hakuna aliyekuonyesha mpaka, lakini umeusikia, kwa sababu kusini ni eneo la lugha za Kibantu na huko juu Waluo ndio waliotoa majina mengi. Ramani ya kubuni inahitaji kusikika hivyo, na lugha mbili zinatosha kuanza.

Hatua ya 1: Amua sauti kabla ya majina. Lugha ya kusini kwenye ramani yetu ina l, m, n, s, t, v na irabu zote. Kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja, na viambishi tu ndivyo vinavyoweza kuwa irabu peke yake. Lugha ya kaskazini ina b, d, g, k, l, m, n, r, t. Haina s wala v, na kila neno lake linafungwa kwa konsonanti. Sauti ambazo kila upande umenyimwa ndizo zitakazofanya kazi kubwa, kwa hiyo usiwe mkarimu. Ukiruhusu kila kitu pande zote mbili, majina yatafanana na mchanga uliomwagwa.

Hatua ya 2: Tunga mizizi ya vitu vinavyoonekana. Watu huita mahali kwa kilichopo: Jinja ni jiwe, Entebbe ni kiti. Kwa kusini nachukua *neso* (maji), *lova* (mwamba), *sevi* (chumvi). Kwa kaskazini, *dag* (mwamba) na *rog* (tope). Mizizi minane hivi kwa kila lugha inatosha ramani ya ukurasa mmoja.

Kabla ya kuendelea, soma kila mzizi kwa Kiswahili, na kwa Kiganda kama wasomaji wako wako Kampala. Ukibandika *ma-* kwenye mzizi *vi*, jiji lako kuu litachekwa hadi ukurasa wa mwisho.

Hatua ya 3: Viambishi viseme ni kitu gani. Hapa ndipo ramani inapopata mshikamano. Mzizi *-ganda* hutupa Buganda kwa nchi, Baganda kwa watu, Luganda kwa lugha. Fanya vivyo hivyo: kusini, *o-* ni mto, *sa-* ni nchi, *te-* ni mji. Mto unakuwa Oneso, nchi inayonyweshwa nao Saneso, mji wa kwenye mwamba Telova, mji wa machimbo ya chumvi Tesevi. Kaskazini weka alama mwishoni: *-um* kwa mto, *-ir* kwa mji. Mto wenye tope ni Rogum, mji wa mwamba ni Dagir. Msomaji akikutana na Orova hatajua maana yake, ila atahisi kuna kitu hakiko sawa: r si ya kusini.

Hatua ya 4: Chakaza. Majina mapya yote yakianza na Te-, msomaji atachanganya Telova na Tesevi kufikia sura ya tatu. Dawa ni matumizi ya kila siku. Kampala ilitokana na maneno yaliyomaanisha kilima cha swala. Kilima kikadondoka njiani, swala akabaki. Basi mji mkongwe wa chumvi uitwe Sevi tu, na vijiji vichanga vibaki na Te-. Mji wa mwamba ulio kando ya maji ungekuwa Telovaneso; hakuna mwenye pumzi ya kuita hivyo sokoni, kwa hiyo meza silabi ya kati: Teloneso. Chakaza miji ya zamani na yenye watu wengi kwanza.

Hatua ya 5: Pitisha majina mpakani. Mto Oneso ukiingia kaskazini, wenyeji hawana s, wanaweka t, kisha wanakata irabu ya mwisho: Onet. Wakiuteka mji wa Telova, v inageuka b: Telob. Tumia kanuni ileile kila mara, na andika tarehe ya utekaji kwenye daftari lako, maana miji iliyojengwa baada yake itakuwa na majina ya kaskazini halisi, kama Dagir, hata ikiwa upande wa kusini. Majina ya mgeni wa mbali yawe machache na yasifuate sauti yoyote ya hapo, kama Fort Portal, lililotokana na Mwingereza Gerald Portal, linavyosimama peke yake magharibi mwa Uganda.

Hatua ya 6: Jaribu. Andika majina ya miji bila ramani, mpe rafiki ayagawe makundi mawili kwa kusikia. Akikosea jina, angalia silabi yake ya mwisho kwanza, kisha konsonanti ya kwanza. Likiwa ni Telob, mwache akosee: mji ule kweli ulibadilisha mikono.