Tenda ya usafi Mombasa: vile unaandika proposali inayojibu kila sharti, kuanzia sivii za watu mpaka bei

Hapa naongelea tenda za taasisi za umma, zile unazipata tenders.go.ke ama kwa wavuti ya taasisi yenyewe, na nitatumia mfano mmoja tu mpaka mwisho: usafi wa ofisi hapa Mombasa, mkataba wa mwaka mmoja, sakafu ya skwea mita 5,310, wafagiaji 12 na supavaiza mmoja. Tenda yenyewe nimeitunga kwa ajili ya mfano lakini hesabu na utaratibu ni ule ule utakaokutana nao.

Kitu cha kwanza ujue ni kwamba ile kamati inayosoma kazi yako haina ruhusa ya kukupa alama kwa sababu inajua wewe ni mchapa kazi. Sheria ya ununuzi ya umma ya 2015, kifungu cha 80, inawafunga wafuate vigezo vilivyoandikwa kwenye dokumenti ya tenda, basi. Kwa hivo kazi yako si kujisifu, kazi yako ni kumwonyesha msomaji kila walichouliza kimejibiwa ukurasa gani.

Hatua ya 1: toa masharti yote kwenye dokumenti

Print dokumenti yote, usisome kwa simu. Masharti hayakai pahali pamoja, hapo ndipo watu wengi huanguka, manake wanasoma orodha ya mandatori kwenye sehemu ya tathmini wanadhani wamemaliza, kumbe kuna sharti lingine liko kwa mwaliko, lingine kwenye ile TDS, yaani karatasi ya data ya tenda, lingine limejificha katikati ya maelezo ya kazi, na lingine limekuja baadaye kwa adenda, ile barua ya kubadilisha dokumenti. Pita na kalamu, kila palipoandikwa "must" ama "shall" piga mstari, kisha upe namba yake. Kwa tenda kama hii yetu usishangae ukitoka na masharti 40 na zaidi.

Ukipata masharti mawili yanagongana, kwa mfano mwaliko unasema tenda ikae hai siku 120 na TDS inasema 150, usijichagulie. Andika barua ya kuuliza kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali, jibu litatumwa kwa wote waliochukua dokumenti.

Hatua ya 2: tengeneza jedwali la majibu, kabla hujaandika neno lingine

Hili jedwali linakaa mbele kabisa ya proposali, baada ya barua. Safu nne zinatosha: namba ya sharti, sharti lenyewe kwa maneno yao (usibadilishe, nakili), jibu lako kwa sentensi moja, na ukurasa. Mstari mmoja, tuseme wa sharti la mandatori namba 4 ambalo wao wameliita MR 4, utakua hivi: "MR 4, cheti cha kulipa ushuru kilicho hai, tumeambatisha cheti cha KRA, ukurasa 17."

Fuata mpangilio wao namba kwa namba. Kama wao wameanza na vyeti, wakaja uzoefu, wakaja watu, basi na wewe hivo hivo, hata kama unaona mpangilio wako ni mzuri zaidi. Mtathmini ako na fomu yake ya alama mbele, anashuka nayo moja moja, na asipopata kitu pale anapokitafuta anaandika hakipo.

Hatua ya 3: mandatori

Hapa hakuna alama, ni kupita ama kuanguka. Cheti cha usajili, CR12 inayoonyesha wenye kampuni, ushuru, leseni ya kaunti, bidi bondi, yaani dhamana ya tenda, ama fomu ya tamko kwa wale walio kwenye AGPO, ule mpango wa tenda za vijana, wanawake na walemavu, fomu za kujitangaza za SD1 na SD2, na zile zingine zote zilizoko kwenye dokumenti. Zijaze, utie sahihi, upige mhuri, na pahali pasipokuhusu usiache wazi, andika haituhusu. Bidi bondi angalia vitu viwili tu kwa makini: kiasi, na siku ya mwisho. Ikipungua siku moja imekufa.

Hatua ya 4: watu wako

Dokumenti itasema kitu kama "supavaiza awe na diploma na uzoefu wa miaka 5 kwa kazi za usafi, alama 10". Sasa mtu anaambatisha sivii ya kurasa sita, shule ya msingi iko, michezo anayopenda iko, lakini miaka 5 ya usafi itafutwe na msomaji mwenyewe. Usifanye hivo. Andika sivii upya kwa fomu yao, na juu kabisa uweke sentensi mbili zinazojibu sharti: diploma gani, ya mwaka gani, ukurasa gani, halafu kazi za usafi kwa miezi. Mfano: "Machi 2018 mpaka Agosti 2021, miezi 42, supavaiza wa wafagiaji 15. Septemba 2021 mpaka leo, supavaiza wa wafagiaji 20." Mtu anajumlisha kwa jicho tu.

Sivii itiwe sahihi na mwenyewe, na tarehe iwe ya tenda hii. Pia muulize huyo mtu kama kweli ako tayari kuja, kwa sababu ukishinda utaulizwa ako wapi, na ukileta mwengine lazima awe wa kiwango kile kile.

Hatua ya 5: kazi ulizofanya

Wakisema kazi tatu zinazofanana katika miaka 5, peleka tatu zenye nguvu, ukiweza ongeza ya nne iwe ya akiba, si kumi na mbili. Kila kazi iwe na ukurasa wake wa mbele: mteja, kazi, thamani, tarehe ya kuanza na kumaliza, ukubwa wa sakafu, na mtu wa kuulizwa. Nyuma yake uweke LPO, ile oda ya mteja, ama mkataba, kisha barua ya mteja kwamba kazi ilifanyika vizuri. Hivyo viwili vinaenda pamoja: mkataba unaonyesha ulipewa, barua inaonyesha ulimaliza. Ukiwa na mkataba peke yake unaweza kupewa nusu ya alama ama sufuri, inategemea walivyoandika. Na angalia neno "zinazofanana", manake kufyeka nyasi si usafi wa ofisi hata kama malipo yalikua makubwa.

Kwenye maelezo ya vile utafanya kazi, hudhuria ile ziara ya kuona jengo na uandike ulichokiona. Hapa kwetu vioo vinavyotazama bahari vinashika chumvi, na majengo mengi yanatumia maji ya kisima ambayo yenyewe yana chumvi, ukioshea kioo kinakauka na michirizi. Basi sema wazi: vioo vya upande wa bahari vitaoshwa kwa maji matamu, mara ngapi kwa mwezi, na maji yatatoka wapi. Halafu ukumbuke kuyatia kwenye bei.

Hatua ya 6: bei, na hapa tutakaa

Anza na mshahara, si na bei ya mshindani. Kwa amri ya mishahara ya 2024, mfagiaji wa Mombasa ni 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba (angalia kama imetoka mpya kabla hujapiga hesabu). Posho ya nyumba asilimia 15 ni 2,417.06, jumla 18,530.81. NSSF ya mwajiri asilimia 6 ni 1,111.85, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 277.96, NITA, ile ada ya mafunzo ya kazi, 50. Mfagiaji mmoja anakugharimu 19,970.62.

Wafagiaji ni 12 lakini piga hesabu ya 13, kwa sababu kila mmoja ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi, ambayo kwa wiki ya siku sita ni karibu mwezi, kwa hivo mwaka mzima kuna mmoja ako likizo na lazima pawe na wa kushika nafasi yake. Hapo ni 259,618.06. Supavaiza na makato yake tuseme 27,247.50, sabuni, mopu, maji na mifuko 41,000, sare na bima 6,500. Jumla 334,365.56. Ongeza asilimia 12 ya gharama za ofisi na faida, unapata 374,489.43 kwa mwezi kabla ya VAT.

Ukiona kuna mtu ameweka 250,000 usimfuate, hiyo haitoshi hata mishahara na makato ya hao wafagiaji 13. Kamati inaweza kumuuliza aonyeshe mchanganuo wa bei ambayo iko chini kupita kiasi, na wewe pia mchanganuo wako uuhifadhi kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa sikiza hapa vizuri. Jedwali lao la bei linataka bei kwa skwea mita. Unagawa 374,489.43 kwa 5,310, Eksel inakuonyesha 70.53, lakini ndani imeshika 70.5253 na mkia wake. Ukizidisha kwa Eksel inarudisha 374,489.43. Mtathmini na kalkuleta yake anazidisha kilichoandikwa kwenye karatasi, 70.53 mara 5,310, anapata 374,514.30. Tofauti ni shilingi 24 na senti 87, na hiyo inatosha kukutoa. Kanuni za 2020, kanuni ya 74, zinasema kosa la hesabu kwenye bei, idadi ama jumla ni kosa kubwa na tenda inakataliwa. Na kifungu cha 82 cha sheria kinasema bei iliyosomwa siku ya kufungua ndiyo hiyo hiyo, hairekebishwi. Hakuna kupiga simu kueleza.

Dawa yake ni kukata desimali kabla ya kuzidisha, kila hatua:

```
B2  =ROUND(374489.43/5310,2)
B3  =ROUND(B2*5310,2)
B4  =ROUND(B3*0.16,2)
B5  =B3+B4
B6  =B5*12
```

Unapata 70.53, halafu 374,514.30, VAT 59,922.29, jumla ya mwezi 434,436.59, na mwaka 5,213,239.08. Print, funga kompyuta, mpe mtu mwengine akague na kalkuleta kutoka kwa karatasi. Kisha hiyo 5,213,239.08 iingie kwenye fomu ya tenda vile vile, kwa namba na kwa maneno, mpaka hizo senti nane.

Hatua ya 7: namba za kurasa na kupeleka

Sheria inataka kila ukurasa uwe na namba mfululizo, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na vyeti, kopi za sivii na bidi bondi zote ni kurasa. Piga namba baada ya kupanga kila kitu, na hapo ndipo unarudi kujaza ile safu ya mwisho ya jedwali la hatua ya 2. Kopi itolewe kutoka kwa orijino iliyokwisha kupigwa namba, zisije zikatofautiana. Kama ni ya kupakia mtandaoni, pakia siku moja kabla, fungua faili ulizopakia uone hazijakatika.

Kama ni ya sanduku na inafungwa saa nne asubuhi, na wewe unatoka Likoni, baindingi iwe imeisha jana yake na utoke mapema, kwa sababu dakika moja baada ya saa nne haipokelewi. Baki uone ikifunguliwa. Andika bei ya kila mmoja na idadi ya kurasa vile zinavyosomwa, hakikisha yako imesomwa 5,213,239.08.

Barua ikija kwamba hukufaulu, lazima iseme sababu. Iweke kando ya jedwali lako: kama wanasema sivii ya supavaiza haikuwepo na wewe unaiona ukurasa 43, una siku 14 za kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa ya ununuzi, na huo ukurasa 43 ndio ushahidi wako.