SOMO: Kuivisha tangi jipya kabla ya kuweka samaki, na pale naitraiti inapogoma kushuka

Wakuu habari zenu. Naona wengi wanasema "nimeacha maji yakae wiki mbili afu nikaweka samaki, wakafa". Maji kukaa tu hakuivishi tangi. Kinachotakiwa ni bakteria waote kwenye sponji ya filta, na bakteria hawaoti kama hawana chakula, na chakula chao ni amonia. Tangi tupu lisilo na amonia utalikuta vilevile hata baada ya miezi miwili.

Kazi inafanywa na makundi mawili. La kwanza linakula amonia na kutoa naitraiti, la pili linakula naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kiasi. Amonia inaunguza mashavu ya samaki, naitraiti inaharibu damu isibebe oksijeni, kwaiyo zote mbili lazima zifike sifuri. Kundi la pili linachelewa kwa sababu chakula chake kinategemea kundi la kwanza lianze kazi, na hapo katikati ndo watu wengi wanapokwama. Somo hili nitakaa zaidi hapo.

Tuchukue mfano wa tangi la lita 60.

Hatua ya 1. Jaza maji, weka dawa ya kuondoa klorini (klorini inaua bakteria haohao unaowatafuta), washa filta na usiizime usiku wala mchana. Kama una hita weka nyuzi 27 au 28, wanaota haraka kuliko kwenye maji ya baridi. Nunua vipimo vya matone vya amonia, naitraiti na pH. Bila vipimo utakuwa unabahatisha tu, maana maji yenye naitraiti nyingi yanaonekana masafi kabisa kwa macho.

Hatua ya 2. Weka amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Mi napendelea amoniamu kloraidi ya unga kwa sababu inapimika vizuri: yeyusha gramu 4 kwenye maji mililita 100, kisha kila mililita 10 za mchanganyiko huo zinakupa kama miligramu 2 kwa lita kwenye lita 60. Ukitumia amonia ya maji ya kusafishia hakikisha haina sabuni wala manukato. Itikise chupa, povu likibaki juu muda mrefu achana nayo.

Hatua ya 3. Subiri, pima kila baada ya siku mbili tatu, usiongeze kitu. Wiki ya kwanza mara nyingi hakuna kinachobadilika na watu wanapaniki wanaongeza dozi. Usiongeze. Mahali fulani kwenye wiki ya pili utaona amonia inaanza kushuka na naitraiti inatokea, hapo kundi la kwanza limeshashika.

Hatua ya 4, na hii isome taratibu. Amonia ikishuka karibu na sifuri, wengi wanarudisha 2 kila siku kwa kuogopa bakteria watakufa njaa. Sasa angalia hesabu: kila miligramu 1 ya amonia inazaa karibu miligramu 2.7 za naitraiti. Dozi yako ya kwanza tu imeshakupa kama 5.4, na chati nyingi za matone zinaishia 5. Ukiweka dozi ya pili una karibu 11, ya tatu 16, na kipimo bado kinakuonyesha rangi ileile ya mwisho, kwaiyo hujui kama inapanda au inashuka, unaona tu imegoma. Badala yake, kipindi hiki weka nusu dozi (mililita 5 za mchanganyiko wetu) kila baada ya siku tatu hivi, na kama naitraiti imefika mwisho wa chati acha kabisa mpaka ishuke. Bakteria hawafi kwa kukosa chakula siku chache.

Ukitaka kujua naitraiti iliyovuka chati ni ngapi, changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 9 za maji safi, pima, zidisha kwa 10. Ukikuta zaidi ya 15 hivi badilisha nusu ya maji. Hupotezi chochote, bakteria wamenata kwenye sponji na mawe, wanaoelea kwenye maji ni wachache sana.

Kitu kingine kinachogomesha ni pH. Kazi hii inazalisha asidi na inakula ugumu wa kaboneti wa maji (KH). Dozi moja ya 2 inakula kama miligramu 12 kwa lita za KH, kwaiyo kama maji yako ni laini yana 30 tu, dozi ya tatu inakumalizia akiba na pH inaporomoka. Chini ya 6.5 bakteria wanazubaa, ikikaribia 6 wanakuwa kama wamesimama. Hapo weka kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kwenye lita 60, KH inapanda kama 50. Bekingi soda, sio bekingi pauda.

Hatua ya 5. Naitraiti ikianguka (mara nyingi inaanguka ghafla, leo rangi imekolea, baada ya siku mbili hamna kitu) weka dozi kamili ya 2 na upime baada ya saa 24. Zote mbili zikisoma sifuri, tangi limeiva. Badilisha maji mengi kupunguza naitreti, weka dawa ya kuondoa klorini, ingiza samaki. Zoezi lote ni kama wiki 3 mpaka 6.

MASWALI

Swali: Mkuu mi sina hiyo amonia, naweza tumia chakula cha samaki?
Jibu: Inawezekana ndugu, kikioza kinatoa amonia, ila hujui kimetoa kiasi gani na uchafu unakuwa mwingi. Kama ndo ulichonacho weka kidogo kidogo na uongozwe na kipimo.

Swali: Amonia 0, naitraiti ipo juu kabisa, naitreti inasoma 80. Si ina maana limeshaiva?
Jibu: Hapana. Kipimo cha naitreti kinaigeuza kwanza iwe naitraiti ndo kisome rangi, kwaiyo naitraiti ikiwa nyingi inakidanganya. Usiiamini hiyo 80 mpaka naitraiti iwe sifuri.

Swali: Shemeji ana tangi la zamani, nikiomba sponji yake inasaidia?
Jibu: Sana dada, hiyo ndo njia ya mkato ya kweli. Ibebe ikiwa imelowa, isikauke wala usiioshe na maji ya bomba, iweke ndani ya filta yako siku hiyohiyo. Hakikisha tu samaki wake hawaumwi. Afu bado fanya jaribio la saa 24.

Swali: Limeiva tayari lakini samaki nitawapata wiki ijayo, nifanyeje wakuu?
Jibu: Endelea na nusu dozi kila siku mbili tatu, filta isizimwe. Siku moja kabla ya samaki weka dozi kamili, pima baada ya saa 24, ikiwa safi badilisha maji ndo uwaingize. Wakishaingia usiweke tena amonia, wao wenyewe wanaitoa.