Somo: Kupitia mchezo wako wa chesi ukiwa peke yako na kutia alama pale mizani ilipogeuka

Wengi tunaocheza hapa Kigoma mjini, Ujiji na Kasulu hatuna kocha wa kukaa naye baada ya mchezo. Tuna karatasi ya hatua na simu. Vinatosha, ila utaratibu una uzito: simu inakuja mwisho. Ukianza na injini utaona namba, utakubali, na hutajua wewe mwenyewe ulikuwa unafikiri nini.

Kwanza: karatasi na kalamu, siku ileile

Panga ubao na urudie mchezo taratibu bila kompyuta. Baada ya kila hatua tano hivi, andika pembeni unavyoona hali: = kwa sawa, + kama Mweupe ana nafuu, ++ kama anashinda, na - au -- kwa Mweusi. Usijali ukikosea. Makadirio hayo ndiyo utakayoyalinganisha na injini baadaye.

Kisha weka X kwenye hatua za aina tatu: ulipofikiri muda mrefu, mpinzani alipokushangaza, na vipande vilipoliwa au kukaribia kuliwa. Hiyo aina ya tatu ndiyo watu huiruka. Mtu huweka X pale alipoumia tu. Nafasi aliyoikosa haikumuuma, kwa hiyo haoni sababu ya kuisimamia.

Mfano

Ingiza hatua hizi kwenye lichess.org/analysis, au zipange ubaoni. N ni farasi, B ni askofu, Q ni malkia, K ni mfalme.

```
1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4 d6
4. Nc3 Bg4 5. h3 Bh5 6. d3 Nf6
```

Tuseme Mweupe ni wewe, na ulishindwa baada ya kupoteza ngome hatua ya 24. Ukiulizwa mchezo uliharibikia wapi utataja hatua ya 24. Mpaka hatua ya 6 umeandika =, na huoni cha kutilia X kwa sababu hakuna kilicholiwa.

Rudi kwenye 5...Bh5. Askofu huyo amekwepa askari wa h3, lakini pale h5 halindwi na kipande chochote. Alipokuwa g4 palikuwa na kinga iliyojificha: kama ungecheza 5.Nxe5, Mweusi angejibu 5...Nxe5, na farasi huyo akiwa e5 anailinda g4. Malkia wako asingeweza kumla askofu bila kuliwa, na ungekuwa umetoa farasi kwa askari mmoja. Farasi wa e5 hafiki h5. Tofauti ya nyumba moja imebadili kila kitu.

Sasa 6.Nxe5! inawezekana. Mweusi ana majibu makuu matatu:

6...Bxd1, tamaa ya malkia: 7.Bxf7+ Ke7 8.Nd5, cheki meti. Mfalme hana pa kwenda, na hakuna anayeweza kumla farasi wa d5.

6...dxe5: 7.Qxh5. Umemrudisha farasi wako kwa askofu, una askari mmoja zaidi, na unatishia Qxf7 ya meti.

6...Nxe5, ambalo ndilo jibu bora: 7.Qxh5 Nxc4 8.Qb5+, na baada ya Mweusi kuziba cheki unamla farasi wa c4. Ukihesabu vyote vilivyoliwa, umebaki na askari mmoja zaidi.

Ulipocheza 6.d3, Mweusi alijibu 6...Nf6 na mlango ukafungwa: farasi wa f6 anailinda h5, na pia anaweza kumla farasi akitua d5. Kwenye mchoro wa tathmini utaona kilima chembamba: mstari unapanda kwenye 5...Bh5 na kushuka kwenye 6.d3. Mizani imegeuka mara mbili ndani ya hatua moja, na wachezaji wote wawili hawakujua.

Ndiyo maana kwenye mchoro natafuta vilima vyembamba kabla ya kuangalia bonde kubwa la mwisho. Bonde la mwisho unalijua tayari.

Pili: injini

Washa injini kwenye hatua zenye X kwanza, halafu ndipo uangalie mchoro mzima. Gawa matokeo mafungu mawili: mageuko uliyoyatilia X, na yale uliyoyapita. Fungu la pili ndilo la kufanyia kazi.

Kwa kila geuko andika sentensi moja ya sababu, si ya tukio. "Nilipoteza ngome" ni tukio. "Hatua ya 23 nilimwondoa farasi aliyekuwa anailinda ngome" ni sababu. Mara nyingi sababu iko hatua moja au mbili nyuma ya maumivu. Kwa mfano wetu ungeandika: "Mpinzani aliposogeza askofu sikuuliza kama anapokwenda analindwa." Michezo kadhaa baadaye utaona sentensi moja inajirudia, na hapo ndipo zoezi lako lilipo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kasulu: Shikamoo mwalimu. Bando likiisha nafanyaje?*

Marahaba. Kwa Android weka DroidFish ukiwa na mtandao. Baada ya hapo injini inafanya kazi ndani ya simu bila bando. Na hata bila injini, nenda kwenye kila X ujaribu kila cheki na kila kula kunakowezekana, hata kule kunakoonekana kichekesho. 6.Nxe5 ungeiona kwa njia hiyo, kwa sababu ni kula.

*Mwanachama, Nzega: Mimi injini inanipa makosa 11 kwa mchezo mmoja. Yote niyaandike?*

Hapana, chagua matatu yaliyobadili nani anashinda. Kushuka kutoka +9 hadi +7 ni sawa na askari wawili, lakini Mweupe bado anashinda. Kwa hesabu ya Lichess uwezekano wake unatoka kama asilimia 96 hadi 93. Kushuka kutoka 0 hadi -2 nako ni askari wawili, ila huko unatoka 50 hadi 32. Kumbuka pia kwamba kwenye Lichess namba chanya ni ya Mweupe siku zote, hata kama wewe ulishika Mweusi.

*Mwanachama, Urambo: Kuna hatua inaitwa kosa lakini sioni ubaya wake.*

Cheza hatua yako kwenye ubao wa uchambuzi, kisha tazama injini inajibu nini kwa upande wa mpinzani. Jibu hilo ndilo adhabu. Lifuate hatua nne au tano. Ukifika hapo bila kuona kipande kilichopotea wala mfalme aliye hatarini, liache, kiwango chake bado kiko juu yako.

*Mwanachama, Ujiji: Namba inarukaruka, mara +0.8 mara +0.2. Niamini ipi?*

Angalia kina, yaani "Depth" inayoandikwa karibu na namba. Subiri ifike 20 hivi, na unapolinganisha hatua mbili zipe kina sawa. Hiyo tofauti uliyoitaja, tena mwanzoni mwa mchezo, haistahili X hata ikitulia.