Kupanga bei ya kiondo kwenye Etsy ukiwa Marekani: makato, posta na boksi ndani ya bei moja

Kiondo changu cha kwanza nilikiuza dola 38, posta bure. Nilikuwa nimekipata kwa dola 18 hadi mlangoni kwangu Baltimore, nikakadiria posta dola 8, nikajiambia 12 zinazobaki ni zangu. Mteja alikuwa Los Angeles. Nilichukua boksi la kwanza nililoliona stoo, kubwa kidogo kuliko kiondo, nikalijaza magazeti, nikaenda nalo posta nikiwa na furaha zangu. Nilipotajiwa bei ya kulituma nilidhani mhudumu amekosea tarakimu. Jioni nilipompigia shangazi Machakos, yeye ndiye anayeninunulia viondo kwa kina mama wa huko, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwa hiyo umemlipa huyo mzungu achukue kiondo chetu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Makosa yangu yalikuwa mawili, na yote mawili yalifanyika kabla sijabofya kitufe cha kupandisha bidhaa. Nitayaeleza kwa kiondo hicho hicho, kwa muuzaji aliye Marekani anayemuuzia mteja wa Marekani. Aliye Uingereza au Kanada atakuta viwango vingine vya makato, ila hesabu inakwenda vile vile.

Anza na boksi. Kiondo cha katani ni chepesi. Cha kwangu kina ratili moja na nusu, na kikishawekwa ndani ya katoni na karatasi hakifiki ratili tatu. Tatizo ni nafasi kinayokula. Huduma ya USPS ambayo wengi wetu tunaitumia, Ground Advantage, hutoza kwa uzito halisi mradi boksi lisizidi futi moja ya ujazo, yaani inchi 1,728 za ujazo. Ukipita hapo, wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, wanagawanya kwa 166, na jibu hilo likiwa kubwa kuliko uzito wa mizani, unalipia hilo.

Boksi langu la siku ile lilikuwa 14 kwa 14 kwa 12. Hiyo ni 2,352. Gawanya kwa 166 unapata 14 na kidogo, na kidogo hicho hupandishwa, kwa hiyo ratili 15. Nilikuwa nimelipia ratili 15 kusafirisha ratili tatu za katani na hewa.

Siku hizi natumia boksi la 12 kwa 12 kwa 10, ambalo ni 1,440. Kiondo cha katani hakivunjiki, kinakubali kubonyezwa. Mikanda ya ngozi naikunja ndani isiache alama ubavuni, najaza karatasi ya kaki chini ili kitako kisipoteze umbo, kisha naukandamiza mdomo wa kiondo taratibu hadi kifuniko cha boksi kifunge bila kutuna. Boksi lililotuna hupimwa pale lilipotuna. Usidanganywe pia na lile la 12 kwa 12 kwa 12, ambalo kwa hesabu ni 1,728 kamili. Vipimo vilivyoandikwa kwenye katoni kwa kawaida ni vya ndani, lakini posta wanapima nje, na unene wa kadibodi peke yake unaweza kukuvusha mstari.

Mizani nayo ina mtego wake mdogo. Ukishapita ratili moja, uzito hupandishwa hadi ratili kamili inayofuata, kwa hiyo kifurushi cha ratili tatu na aunsi moja ni cha ratili nne. Pima kikiwa kimefungwa, na selotepu yake na lebo yake. Mizani ya jikoni inatosha ikiwa inafika ratili kumi.

Sasa posta yenyewe. Bei hutegemea umbali, na kutoka Baltimore mteja wa New York ni jirani, wa Los Angeles yuko upande wa pili wa nchi. Kabla ya kupanga bei, chukua uzito na vipimo vyako, uviingize kwenye kikokotoo cha USPS mara tatu kwa misimbo ya posta mitatu: 10001 ya New York, 60601 ya Chicago na 90001 ya Los Angeles. Tuseme umepata dola 9, 11 na 15. Wengine huchukua wastani. Mimi naweka ile 15, kwa sababu wateja wangu wengi wa viondo wako California, na kile kinachobaki mteja akiwa karibu nakiweka pembeni kwa ajili ya boksi litakalorudi. Na litarudi. Ukinunua lebo kupitia Etsy mara nyingi inakuwa nafuu kuliko kaunta ya posta, hiyo ihesabu kuwa ya ziada. Viwango vya posta hupanda, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana usiiamini.

Kosa la pili lilikuwa makato. Etsy hutoza senti 20 kuweka bidhaa kwa miezi minne, na senti 20 nyingine kila inapojiweka upya au kipande kinapouzika. Ikiuzwa, wanachukua asilimia 6.5. Kupokesha malipo ni asilimia 3 na senti 25 kwa muuzaji wa Marekani. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba ile 6.5 inakatwa kwenye kila kitu mteja anachokulipa, pamoja na posta uliyoiandika kando. Kwa hiyo kutenganisha posta na bei hakukupunguzii makato hata senti. Ile asilimia 3 inakwenda mbali zaidi, inakatwa kwenye jumla pamoja na kodi ya mauzo, kodi ambayo wewe huioni kabisa kwani Etsy wenyewe huipeleka serikalini. Jumlisha 6.5 na 3 upate 9.5, ongeza robo kwa ajili ya hiyo kodi, na mimi nazungusha hadi 10 nilale usingizi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanajumlisha gharama zao, kisha wanaongeza asilimia 10 juu. Lakini Etsy hawakati asilimia ya gharama zako, wanakata asilimia ya bei, na bei ni kubwa kuliko gharama. Kwa hiyo inabidi ugawanye. Ikiwa asilimia 10 inakwenda kwao, kinachokufikia wewe ni 90 kwa mia, basi gharama zako zote na faida yako ni hiyo 90:

```
bei = (bidhaa + kifungashio + posta + faida + 0.45) / 0.90
```

Ile 0.45 ni senti 20 za kuweka bidhaa na senti 25 za malipo. Kwa kiondo chetu, bidhaa ni dola 18: kama 11 alizolipwa msusi pamoja na nauli ya shangazi kwenda kukichukua, na 7 za ndege na ushuru. Kifungashio ni 2.70, nimehesabu boksi, karatasi ya kaki, selotepu, lebo na ile kadi ndogo yenye jina la kijiji. Watu huruka kifungashio kwa kuwa selotepu wanayo nyumbani tayari. Ya nyumbani nayo ilinunuliwa. Posta 15. Faida ninayoitaka 12. Jumla 47.70, na senti 45 inakuwa 48.15. Gawanya kwa 0.90, unapata 53.50.

Ikague kwa kurudi nyuma. Asilimia 6.5 ya 53.50 ni 3.48. Tuseme kodi ya mauzo kwa mteja ni asilimia 8, basi amelipa 57.78, na asilimia 3 yake ni 1.73. Weka na ile 0.45, makato yote ni 5.66. Unabaki na 47.84. Toa posta, kifungashio na bidhaa, mkononi ni 12.14. Ungeongeza asilimia 10 juu ya 47.70 ungeuza 52.47 na kubaki na dola 11.21. Karibu dola moja kwa kiondo kimoja haiumi, lakini viondo mia moja ni tikiti ya mzigo.

Kuna kitu kimoja ambacho hesabu hii haikibebi, nacho ni Offsite Ads. Hayo ni matangazo ambayo Etsy huyaweka nje ya soko lao, kwenye Google na kwingineko. Mteja akibofya tangazo kisha akanunua ndani ya siku 30, unakatwa asilimia 15 nyingine. Kwa kiondo cha 53.50 hiyo ni dola 8.03, na ile 12.14 yako inashuka hadi 4.11. Duka lililouza chini ya dola 10,000 katika siku 365 linaruhusiwa kujitoa: ingia `Settings`, kisha `Offsite Ads`, uzime. Likivuka kiasi hicho halitoki tena, ila kiwango kinashuka hadi asilimia 12. Kuyabeba matangazo ndani ya bei kungetaka ugawanye kwa 0.75, na kiondo kingekuwa dola 64.20. Mimi nimezima. Mwenye bidhaa isiyopatikana kwingine anaweza kufikiri tofauti.

Wakati wa kupandisha bidhaa, nenda kwenye wasifu wa usafirishaji, uchague `Free shipping` kwa Marekani peke yake. Nchi nyingine ziandikie bei yake, au uziache nje kabisa. Niliwahi kuona duka la mwenzetu limeachia posta bure hadi Australia.

Anayenunua viwili analipia posta mara mbili bila kujua, na akijua atakuandikia. Kiondo kidogo kinaingia ndani ya kikubwa, kwa hiyo pandisha jozi kama bidhaa ya pili, yenye posta ya boksi moja na uzito wake mpya, na bei inashuka kwa haki. Jozi ndiyo inayoniuzia zaidi kuelekea Krismasi.

Udhaifu wa bei ya namna hii unaonekana kiondo kinaporudi. Mteja aliyelipa 53.50 kwa bidhaa yenye posta bure hurudishiwa 53.50, na zile 15 zilizoondoka hazina wa kuzidai. Ndiyo maana ile akiba ya wateja wa karibu siigusi, na ndiyo maana picha moja ya bidhaa lazima iwe na futi ya tepu imelazwa mdomoni mwa kiondo. Wengi wanaorudisha huwa walidhani ni kikubwa zaidi. Aliye na viza ya mwanafunzi naye aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla ya kufungua duka lolote.

Kiondo cha kwanza kikishauzika, fungua `Finances`, kisha `Payment account`, usome makato mstari kwa mstari huku daftari likiwa pembeni. Kama jumla imetofautiana na yako kwa zaidi ya senti chache, tafuta mstari usioutambua. Mara nyingi huwa ni lebo iliyorekebishwa kwa sababu boksi lilituna.