Advansi na mikopo ya wafanyakazi: namna ya kuziingiza vitabuni na kuzikata kwenye mshahara

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia karani wa kiwanda kimoja cha mbao Mafinga. Gharama ya mishahara kwenye leja yake ilizidi jumla ya orodha ya mishahara, na tofauti ilikuwa sawasawa na advansi zilizotolewa katikati ya mwezi. Kila advansi ilikuwa imeandikwa kama gharama siku ya kutolewa, kisha mwisho wa mwezi mshahara mzima ukaandikwa tena.

Hatua ya 1: Fungua akaunti

Advansi ni deni ambalo mfanyakazi anadaiwa na kampuni, kwa hiyo inakaa upande wa mali, pamoja na wadaiwa. Fungua akaunti mbili: "Advansi za wafanyakazi" na "Mikopo ya wafanyakazi".

Hatua ya 2: Andika siku unayotoa fedha

Tuseme fundi wa msumeno ana mshahara ghafi wa 600,000, na tarehe 15 anachukua 150,000.

```
Dr Advansi za wafanyakazi   150,000
   Cr Benki                 150,000
```

Ukimtumia kwa simu na kampuni ndiyo inayobeba makato ya muamala, makato hayo yaandike kwenye gharama za benki. Ukiyachanganya na advansi, kila mwezi vitabaki vijisalio ambavyo hakuna mshahara utakaovimaliza.

Hatua ya 3: Kata mwisho wa mwezi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende polepole. Advansi inakatwa mwisho kabisa, baada ya NSSF na PAYE. Haipunguzi mshahara ghafi hata shilingi moja, kwa sababu mfanyakazi ameupata mshahara wake wote. Sehemu tu aliipokea mapema.

Kwa fundi wetu, NSSF yake ni asilimia 10 ya 600,000, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, ngazi inayoanzia 520,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi hapo, hivyo PAYE ni 24,000. Bila advansi angepokea 516,000. Ukitoa advansi, anapokea 366,000.

```
Dr Gharama ya mishahara     600,000
   Cr NSSF ya kulipa         60,000
   Cr PAYE ya kulipa         24,000
   Cr Advansi za wafanyakazi 150,000
   Cr Benki                 366,000
```

Mchango wa NSSF wa mwajiri unaingizwa peke yake, sijauweka hapa.

Sasa angalia kinachotokea ukiitoa advansi juu, ukaanza hesabu na 450,000. NSSF inakuwa 45,000 na PAYE inashuka hadi 10,800. Umepunguza kodi kwa 13,200, na michango ya mfanyakazi na ya mwajiri kwa 15,000 kila mmoja. Mfanyakazi hatalalamika, maana mkononi amepata zaidi. Anayepungukiwa ni yeye huyo huyo atakapodai mafao. Njia ya kuligundua ni rahisi: mshahara ghafi kwenye orodha ya mwezi haulingani na ule wa kwenye mkataba wake.

Hatua ya 4: Linganisha mtu kwa mtu

Mimi napendelea akaunti moja kwenye leja na jedwali la Excel lenye mstari wa kila mfanyakazi, badala ya kufungua akaunti kwa kila jina. Ila jumla kulingana hakutoshi. Ukimkata mtu 50,000 ya mwenzake mwenye jina kama lake, jumla italingana vizuri kabisa huku mmoja ameonewa na mwingine bado anadaiwa. Tafuta salio hasi kwenye mistari. Hilo ndilo linaloonyesha aliyekatwa zaidi. Na tumia namba ya mfanyakazi, usitegemee jina.

Hatua ya 5: Mkopo

Maingizo ni yale yale, isipokuwa makato yanagawanywa. Fundi akikopa 1,200,000 za mabati kwa miezi 10, anakatwa 120,000 kila mwezi na salio linashuka kwa kiasi hicho. Angalia mambo mawili kabla ya kutoa. Kwanza, mkopo usio na riba, au wenye riba ndogo kuliko ile ya kisheria, unaweza kuhesabiwa kuwa manufaa yanayotozwa kodi. Unasalimika ukiwa wa chini ya miezi 12 na jumla ya mikopo yake haizidi mshahara wa msingi wa miezi mitatu. Huu wa fundi umo ndani ya mipaka hiyo, mradi hana mkopo mwingine.

Pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi kukatwa deni lake. Barua hiyo itaje kiasi cha kila mwezi, mwezi wa kuanza, na kwamba akiacha kazi salio litakatwa kwenye malipo yake ya mwisho. Aisaini kabla fedha hazijatoka.