Kuandika upya ombi la mchango linalomtia msomaji hatia

Kazi yangu ni kuandika maombi ya michango, na rasimu za namna hii huletewa mezani kwangu mara kwa mara. Hii nimeitunga kwa ajili ya mwongozo huu, lakini hakuna sentensi ndani yake ambayo sijawahi kukutana nayo:

> Mtazame mtoto huyu. Amezaliwa na miguu iliyopinda, ametengwa, anachekwa na kila mtu. Anateseka kimya, hana wa kumsemea. Asubuhi ulipovaa viatu vyako, ulimfikiria? Bila wewe atatambaa maisha yake yote. Utampita tu? Mchango wako mdogo utabadilisha maisha yake.

Isome tena uniambie: mama yake yuko wapi? Mtoto mchanga hafiki kliniki peke yake. Kuna mtu aliyembeba, akapanga foleni, akamshika wakati miguu yake ikifungwa plasta ili inyooke. Mwandishi amemfuta ili msomaji aamini kwamba kati ya mtoto na maangamizi amebaki yeye peke yake. Hatia yote ya barua hii inatokana na hapo, kwa hiyo ndipo tutakapoanzia kurekebisha.

Hatua ya 1: Pata ukweli wa kazi yenyewe

Kabla ya kugusa sentensi yoyote, kaa na mtu wa kliniki akueleze matibabu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mguu kifundo, ambao ndio hali ya mtoto wa rasimu yetu, utaambiwa hivi. Mtoto huzaliwa unyayo ukiwa umegeukia ndani na chini. Kwa mbinu ya Ponseti, mhudumu huunyoosha kidogo kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta. Plasta hubadilishwa kila wiki, mara nyingi awamu 5 hadi 7. Watoto wengi hufanyiwa pia upasuaji mdogo wa kukata ukano wa kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, karibu saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, halafu wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka 4 hivi. Familia ikiviacha mapema, mguu unaweza kupinda tena.

Sasa rudi kwenye rasimu. "Atatambaa maisha yake yote" si kweli: asiyetibiwa kwa kawaida hutembea, ila hukanyagia ubavu wa unyayo au mgongo wake, kwa maumivu. "Mchango mdogo utabadilisha maisha" nayo si kweli, kwa sababu matibabu haya ni ya miaka. Nimeona mara nyingi kwamba pale penye hatia nyingi huwa pana ukweli kidogo, kwani mwandishi aliyekosa maelezo hukimbilia machozi.

Hatua ya 2: Pigia mstari kila kitenzi

Chukua kalamu, pigia mstari vitenzi vyote, kisha uangalie mwisho wa kila kimoja. Kiswahili kinatusaidia sana hapa: kauli ya kutendwa inajitangaza yenyewe. Ametengwa. Anachekwa. Mtoto anatendwa tu, na anapotenda, vitendo vyake pekee ni kuteseka na kutambaa. Vitenzi vyenye nguvu, kama kubadilisha, wamepewa msomaji na pesa zake.

Pembeni ya kila kitenzi andika ni nani hasa anayekifanya katika maisha halisi. Nani anamleta mtoto? Mama. Nani ananyoosha mguu? Mhudumu. Nani anahakikisha viatu vinavaliwa kila usiku? Mama, baba, pengine bibi. Mchangiaji anafanya nini? Analipia nauli na viatu. Hiyo ndiyo nafasi yake ya kweli, na haina haja ya kupanuliwa.

Katika hatua hii angalia pia majina unayowapa watu. Andika "mtoto mwenye mguu kifundo", usiandike "kilema". "Hana wa kumsemea" ifute kabisa: mama ana mdomo, hajaulizwa tu.

Hatua ya 3: Tenganisha uharaka na hatia

Wengi hukwama hapa, wakidhani kwamba kuondoa hatia ni kuondoa shida. Mimi hupima hivi: je, sentensi hii ingebaki kweli hata kama msomaji asingekuwepo? "Plasta inapaswa kubadilishwa kila wiki, na familia ikikosa nauli awamu inarukwa" inabaki kweli. Huo ni uharaka, na uupe nafasi ya kutosha. "Ulimfikiria ulipovaa viatu?" haina maana bila msomaji wa kushtakiwa. Hiyo iondoke.

Hatua ya 4: Andika upya

> Kila wiki mama mmoja humbeba mwanawe hadi kliniki ili abadilishiwe plasta. Mtoto alizaliwa na mguu kifundo, na wamekwisha maliza awamu 4. "Nikiona kidole gumba kimenyooka zaidi kuliko wiki iliyopita, napata nguvu ya kurudi," anasema. Kinachomsumbua ni nauli: wiki akiikosa, matibabu yanachelewa. Baada ya plasta, mtoto atahitaji viatu maalumu hadi karibu miaka 4, na kila mguu unapokua, viatu vikubwa zaidi. Tunaomba mchango wa nauli na viatu kwa familia zilizo katikati ya matibabu haya.

Nukuu hiyo nayo ni ya mfano. Yako lazima itoke kinywani mwa mzazi mwenyewe. Ukiitunga kwa ajili yake, umemfuta mara ya pili.

Jihadhari na kosa la upande wa pili, ambalo nami nililifanya kwa muda mrefu: kumgeuza mama kuwa shujaa asiyechoka, mwenye tabasamu muda wote. Barua ya hivyo haionyeshi tena kinachokosekana, na msomaji huifunga akiwa amefurahi bila kujua aombwe nini. Ili kupima, funika sentensi ya ombi kwa kidole, mpe mwenzako asome sehemu iliyobaki, umuulize: hapa kumepungua nini? Akishindwa kujibu "nauli na viatu", umesafisha kupita kiasi.

Hatua ya 5: Irudishe kwa mwenyewe

Mwaka 2006 mashirika ya Ulaya yaliyo chini ya mwavuli wa CONCORD yalipitisha kanuni za picha na ujumbe, na ridhaa ya anayeonyeshwa imo ndani yake. Shida ni namna ridhaa inavyoombwa. Usiiombe siku ya matibabu, mlangoni mwa chumba cha plasta. Mzazi atasema "sawa" haraka kwa kuhofia kwamba akikataa mtoto hatahudumiwa. Mwombe siku nyingine, akiombwa na mtu asiyetoa huduma, na umweleze wazi kwamba matibabu yataendelea hata akikataa.

Kisha msomee barua nzima kwa lugha anayoitumia nyumbani, pamoja na kumwonyesha picha. Usimuulize kama ameipenda. Muulize angeondoa nini. Ukimya mrefu au "andikeni mnavyotaka" nahesabu kuwa bado sijapata ridhaa.

Kwa mtoto ongeza swali moja: akiisoma mwenyewe akiwa na miaka 15, mbele ya wenzake darasani, itakuwaje? Kwa ajili hiyo silitaji jina lake wala mahali anapoishi, na picha nachagua ile ambayo mama yumo. Mwisho, andika kwenye faili tarehe ya ridhaa na tarehe ya kumrudia kumuuliza upya. Mimi huweka mwaka 1. Siku akisema iondolewe, iondoe siku hiyo hiyo, kwenye tovuti na kwenye vipeperushi ambavyo havijagawiwa.